Mwanaume hana menopozi, kwa hiyo ukibadilika ghafla usisingizie umri

Kila nikifungua simu siku hizi nakutana na posti ileile, kwamba wanaume nao wana menopozi yao, ukigonga hamsini homoni zinakauka kama za mwanamke na ndiyo maana umechoka, kitambi kimetoka, hasira ziko karibu na kitandani mambo hayaendi kama zamani. Chini yake kuna namba ya kupiga na chupa ya kitu fulani. Mimi umri huo ninao, mke wangu yuko katikati ya menopozi yenyewe, ile ya hedhi kukoma, na kazi yangu ni maabara, nimetoa majibu ya homoni za watu mpaka nimezoea kukisia namba kabla mashine haijamaliza. Ndiyo maana hizi posti zinanikera. Sisemi wanaume hatubadiliki, tunabadilika sana tu. Ila testosteroni, homoni ya kiume, inashuka polepole mno kiasi kwamba haiwezi kuwa sababu ya kitu kilichokuanza mwaka huu, na ukikubali kwamba ndiyo yenyewe basi sababu halisi inabaki palepale inaendelea kukuharibu.

Tuanze na wanawake maana ndio wenye menopozi. Ovari ni ghala. Mtoto wa kike anazaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni moja na mbili, na hakuna jipya litakaloongezwa, akifika kubalehe yamebaki kama laki tatu au nne hivi, na katika maisha yake yote yatakayopevuka na kutoka ni kama mia nne tu, mengine yote yanakufa kimyakimya humo humo ndani. Sasa muhimu ni hili, estrojeni, homoni ya kike, haitengenezwi na ovari kwa ujumla wake, inatengenezwa na zile seli zinazolizunguka yai linapokua. Mayai yakiisha, seli hizo nazo hazipo, na estrojeni inaporomoka. Ghala limekuwa tupu, huwezi kulibembeleza. Wastani wa umri ni kama miaka 51 kwenye nchi nyingi zilizofanyiwa tafiti, na inahesabika kwamba amefika baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi.

Korodani ni kiwanda. Hakuna akiba ya kuisha. Ubongo unatuma oda kupitia homoni inayoitwa LH, seli za Leydig zinapokea na kutengeneza testosteroni, na pembeni yao mbegu zinaendelea kutengenezwa kila siku mpaka uzee, ndiyo maana mzee wa miaka 75 anaweza kupata mtoto na hakuna anayeshangaa sana. Umri ukienda seli za Leydig zinapungua kidogo, oda kutoka kwenye ubongo zinalegea kidogo, na kwa wastani testosteroni ya jumla inashuka kama asilimia 1 kwa mwaka kuanzia kwenye thelathini na kitu au arobaini. Ile inayoitwa testosteroni huru, isiyoshikwa na protini, inashuka haraka kidogo kwa sababu protini inayoibeba huongezeka na umri, nitairudia hiyo mbele maana ndipo watu wengi wanapopotezwa na majibu yao.

Kuna kitu kimoja huwa nakisema kwa wenzangu wanabisha mpaka niwaonyeshe. Mwanaume wa miaka 65 kwa kawaida ana estrojeni nyingi kwenye damu kuliko mke wake wa umri huohuo. Ndiyo, estrojeni. Sehemu ya testosteroni yetu hugeuzwa kuwa estrojeni na kimeng'enya kiitwacho aromatasi, kwa wingi kwenye mafuta ya mwili, na mifupa yetu inaitegemea hiyo estrojeni kuliko watu wanavyodhani. Kwa hiyo kiwanda kikiendelea kufanya kazi hata nusu nusu, mifupa yako inalindwa kwa miaka mingi, wakati mama watoto baada ya hedhi kukoma anapoteza mfupa kwa kasi katika ile miaka michache ya mwanzo. Hapo hakuna usawa kabisa kati yetu na wao, tusijifananishe.

Mke wangu ilipomuanza, kilichotushangaza si kupungua, ni kuyumba. Mwezi huu hedhi imekuja mara mbili, miezi miwili haipo, kisha inakuja nzito ajabu. Hiyo miaka kabla ya kukoma, estrojeni haishuki kwa mstari ulionyooka, inapanda juu kuliko kawaida halafu inaanguka, halafu inapanda tena. Ndiyo maana kwa mwanamke aliyevuka 45 mwenye dalili hizo daktari makini hatamwandikia kipimo cha homoni kabisa, historia yake inatosha, kwani kipimo cha leo na cha wiki ijayo vinaweza kupingana na vyote vikawa sahihi. Watu wanakuja kwangu wanalipia kipimo cha FSH, homoni inayotumwa kutoka kwenye ubongo kuamsha mayai, bila sababu, mimi napima kwa sababu nimeletewa, lakini moyoni najua jibu halitabadilisha kitu.

Halafu lile joto. Usiku anarusha shuka, dakika chache amelowa jasho, kidogo anatafuta tena shuka kwa baridi. Kwenye ubongo kuna seli fulani ndani ya hipothalamasi ambazo estrojeni huwa inazituliza, na zimepakana na sehemu inayosimamia joto la mwili. Estrojeni ikiondoka seli hizo zinachachamaa, ubongo unaanza kuona ongezeko dogo tu la joto kama hatari, unafungua mishipa ya ngozi na jasho linamwagika. Sasa jiulize, sisi wanaume mbona hayo hatuyapati tukifika hamsini? Wala si kwamba ubongo wetu umeumbwa tofauti.

Jibu liko kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume. Saratani hiyo mara nyingi hukua kwa kutegemea testosteroni, kwa hiyo baadhi yao huchomwa sindano inayozima oda za ubongo, na ndani ya wiki tatu nne hivi testosteroni inaanguka mpaka karibu na sifuri. Hao ndio wanaume waliowahi kuonja menopozi. Wengi wao wanapata joto la ghafla kama la wanawake, wanalowa jasho usiku, hamu ya tendo inapotea kabisa, mafuta yanaongezeka, misuli inapungua, mifupa inakonda kiasi kwamba madaktari wanapaswa kuifuatilia, na mood inabadilika. Mmoja alikuwa anakuja kupima kwetu akaniambia, "Kijana wangu, sasa hivi mimi na mke wangu tunagombania feni moja." Mzee alikuwa anatania lakini amenifundisha zaidi ya vitabu. Mwili wa mwanaume unaweza kabisa kupata menopozi, ila homoni iondolewe ghafla. Ikishuka asilimia moja moja ubongo unazoea, hauna cha kupigia kelele.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hii ndiyo sehemu ninayotaka mtu aondoke nayo. Kutoka miaka 40 mpaka 50, asilimia moja kwa mwaka, umepoteza kama asilimia 10. Ni kiasi gani hicho? Kuna utafiti mdogo ulichapishwa 2011 kwenye jarida la JAMA, walichukua vijana 10 wenye afya wakawalaza saa tano tu kila usiku kwa wiki moja, testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja! Yaani kijana wa miaka ishirini na kitu asiyelala vizuri kwa wiki moja amepoteza kile ambacho umri ungemnyang'anya kwa miaka kumi au zaidi. Na hata bila kukosa usingizi, testosteroni yako ya alfajiri na ya jioni siku ileile zinaweza kupishana kuliko hiyo asilimia kumi, hasa ukiwa bado si mzee. Ukinywa kitu chenye sukari nyingi inashuka kwa muda pia. Ukiwa na homa inashuka. Kwa hiyo mtu akikwambia amechoka tangu miezi sita iliyopita kwa sababu ana miaka 49, hesabu inamkatalia, kwa miezi sita umri umemchukulia nusu asilimia.

Kinachotokea kwenye umri huu ni kwamba vitu vingine vingi vinakutana kwa wakati mmoja, kitambi, kisukari kinachonyemelea, kukoroma, presha na dawa zake, stresi za kazi, watoto wakubwa, wazazi wagonjwa, pombe ya kila siku, na baadhi ya hivyo vinaishusha testosteroni vyenyewe. Yaani testosteroni mara nyingi ni majeruhi, wewe unaikamata kama mtuhumiwa.

Nikupe kisa cha jamaa yangu mmoja, ameniruhusu nisimulie bila jina. Ana miaka 49, kazi ya kukaa, kiuno kimevuka sentimita 110. Aliniletea karatasi ya majibu kutoka maabara nyingine, uso umemshuka, amesoma mtandaoni na tayari amepata mtu wa kumchoma sindano. Testosteroni ya jumla 9.1 nmol/L, na kwenye karatasi kuna kamshale kanakoelekea chini. Nikamuuliza damu ilitolewa saa ngapi. Saa tisa alasiri, baada ya kushiba, na wiki hiyo alikuwa na mafua makali. Nikamwambia hiyo karatasi ikunje uiweke, haina kazi.

Kipimo cha testosteroni kina masharti yake na si mbwembwe za maabara. Damu itolewe asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, hujala, hujaumwa siku za karibuni, na ikitoka chini urudie siku nyingine kabla hujaamini, kwa sababu kati ya wanaotoka chini mara ya kwanza, kama watatu katika kila kumi mara ya pili wanarudi kwenye kawaida. Kwa kipimo cha jumla, madaktari wengi wa Ulaya wanaona chini ya 8 ni upungufu, juu ya 12 hamna shida, na katikati hapo ni kijivu, unatakiwa uangalie zaidi. Wamarekani wanatumia ng/dL, na kizingiti chao kinachotajwa sana ni 300, ambayo ni sawa na kama 10.4 ya kwetu, kwa hiyo angalia kwanza karatasi yako imeandikwa kwa kipimo gani kabla hujashtuka, nimeona mtu amelia kwa kusoma namba ya nmol/L kwa jedwali la ng/dL.

Jamaa akarudi asubuhi, tumbo tupu, mafua yameisha. Ikatoka 11.8. Bado kijivu. Hapo ndipo ile protini niliyoahidi inaingia, inaitwa SHBG, kazi yake ni kushika testosteroni na kuisafirisha, na ile iliyoshikwa hivyo mwili hauwezi kuitumia kirahisi. Mtu mwenye kitambi na insulini isiyofanya kazi vizuri, ini lake linatengeneza SHBG kidogo. Yake ilikuwa 18, ambayo ni chini. Ukiweka namba hizo kwenye kikokotozi cha kawaida, testosteroni huru inatoka karibu 320 pmol/L, wakati utafiti mkubwa wa Ulaya nitakaoutaja sasa hivi uliweka mstari kwenye 220. Yaani jumla ilionekana ndogo kwa sababu wabebaji ni wachache, lakini inayofanya kazi ipo ya kutosha. Geuza mfano, mzee mwembamba wa miaka 72 ana jumla ya 14, anaambiwa yuko fiti, kumbe SHBG yake ni 70 na huru inatoka kama 170. Huyo ndiye mwenye upungufu, na karatasi yake haina mshale wowote. LH ya jamaa yangu ilikuwa 4, katikati ya kawaida, hivyo korodani zake hazikuwa zinapigiwa kelele na ubongo.

Sasa kama si testosteroni, kilikuwa nini? Daktari alimuuliza maswali ambayo hakuna muuza sindano anayauliza. Anakoroma? Mkewe akajibu badala yake, tena kwa hasira, kwamba anakoroma halafu ananyamaza kabisa kama amekufa, kisha anashtuka kwa mkoromo mkubwa. Hiyo ni apnea ya usingizi, njia ya hewa inaziba usiku mara nyingi, oksijeni inashuka, ubongo unaamka bila yeye kujua, na kwa kuwa testosteroni nyingi hutengenezwa usingizini, mtu asiyelala kweli haiwezi kupanda vizuri. Sukari ya miezi mitatu, ile HbA1c, ikatoka asilimia 6.2, bado si kisukari lakini yuko mlangoni. Presha juu. Na alikuwa anameza tramadoli ya mgongo muda mrefu, dawa za kundi hilo zinazima oda za LH kwenye ubongo, watu wengi hawalijui hilo.

Halafu daktari akamuuliza lile swali ambalo wanaume tunalikwepa, asubuhi inasimama? Si swali la utani hata kidogo. Kusimama kwa asubuhi na usiku hutokea kwenye usingizi wa ndoto na hakuhitaji hamu wala mtu pembeni, kunahitaji homoni, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu vyote viwe vinafanya kazi. Kama asubuhi mambo ni mazuri lakini ukiwa na mkeo hayaendi, kwa kiasi kikubwa mabomba yako mazima na tatizo liko kwenye kichwa au kwenye ndoa. Yake ilikuwa imepungua taratibu kwa miaka kama miwili, hamu anayo lakini ugumu haufiki. Hamu ipo, ugumu haupo, hiyo inanusa mishipa ya damu kuliko homoni, kwani upungufu wa kweli wa testosteroni huanza kuua hamu yenyewe.

Hapa naomba niweke msisitizo maana watu wamekufa kwa kulidharau. Mishipa ya damu ya uume ina upana wa milimita 1 au 2 hivi, ya moyo ni kama 3 au 4. Mafuta yakianza kuganda kwenye kuta za mishipa mwili mzima, ule mwembamba ndio unaokuonyesha kwanza, na kwa wanaume wengi tatizo la kusimama hutangulia tatizo la moyo kwa miaka kadhaa. Mtu wa miaka 49 mwenye kitambi, presha na nguvu zinazopungua taratibu anatakiwa kupimwa kolesteroli, sukari na moyo, na anayemuuzia busta anamfunika ile ishara pekee aliyopewa bure.

Huo utafiti wa Ulaya ulichapishwa 2010, walichukua wanaume 3,369 wa miaka 40 hadi 79 kutoka vituo vinane. Walijaribu kuona ni dalili zipi kweli zinakwenda pamoja na testosteroni ndogo, na zile zote tunazolalamikia, uchovu, huzuni, kukosa nguvu, hazikushikana vizuri kiasi cha kutambulisha mtu. Zilizobaki ni tatu na zote za chumbani, kusimama kwa asubuhi kupungua, ugumu wa kusimama kwa ujumla, na kuwaza tendo mara chache. Walipotaka mtu awe na zote tatu pamoja na jumla chini ya 11 na huru chini ya 220, waliopatikana walikuwa kama wawili tu katika kila mia. Kwa wale wa miaka arobaini na kitu ilikuwa mmoja katika elfu. Kwa wanawake ukiuliza ni wangapi watapitia menopozi wakiishi vya kutosha, jibu ni wote. Linganisha sasa mia kwa mia na mbili kwa mia halafu uniambie kama ni kitu kimoja.

Wapo wenye upungufu wa kweli na sitaki wasome hapa wadhani nawakejeli. Ukikuta testosteroni iko chini asubuhi mbili tofauti, unaangalia LH. Ikiwa juu maana yake ubongo unatuma oda na kiwanda hakijibu, korodani zenyewe zimeumia, labda ni surua ya zamani, hapana samahani, matumbwitumbwi ndiyo, au tibakemikali, au mtu amezaliwa na kromosomu X ya ziada na hajawahi kujua. Ikiwa LH nayo iko chini, oda ndiyo haiji, unatafuta uvimbe wa pituitari, ile tezi ndogo chini ya ubongo inayotoa LH, prolaktini ambayo ni homoni ya maziwa iliyopanda, chuma kilichozidi mwilini, dawa kali za maumivu kama tramadoli, unene. Hii njia ya kutofautisha si mpya. Mwaka 1944 Heller na Myers walichapisha kuhusu wanaume waliolalamika dalili kama za menopozi, wakapima kwenye mkojo homoni zinazotumwa na pituitari, na waliokuwa nazo juu walipata nafuu kwa testosteroni, waliokuwa nazo kawaida hawakupata nafuu ya maana. Miaka themanini na zaidi sasa, na bado watu wanachomwa bila LH kupimwa.

Na sindano yenyewe ina mambo ambayo muuzaji hasemi. La kwanza ni uzazi. Ukiingiza testosteroni kutoka nje, ubongo unaiona damuni unasema basi inatosha, unaacha kutuma LH na FSH, kiwanda kinalala, na ndani ya korodani testosteroni inashuka hata kama kwenye damu imejaa. Mbegu zinakatika. Shirika la Afya Duniani lilichapisha utafiti 1990 wakitumia sindano ya miligramu 200 kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na wengi wao mbegu ziliisha kabisa. Kwa hiyo mwanaume wa miaka 45 mwenye mke mdogo wanaotafuta mtoto akianza hizo sindano ili awe na nguvu, anajifunga mwenyewe, na akiacha kurudi kunachukua miezi, wengine zaidi ya mwaka. Wanawake kwenye homoni za menopozi hawana shida hiyo maana ghala lao limeshafungwa.

La pili ni damu kuwa nzito. Testosteroni inachochea chembe nyekundu, na mimi hili naliona kwa macho, unaweka kapilari kwenye mashine unakuta hematokriti, yaani kiwango cha chembe nyekundu kwenye damu, ni asilimia 55, 56. Kikifika juu ya 54 daktari anatakiwa asimamishe au apunguze dozi. Wanaochomwa mtaani bila kurudi maabara hawajui hata neno hilo. Kuhusu moyo, jaribio kubwa lililotoka 2023, wanaume zaidi ya 5,200 wa miaka 45 hadi 80 wenye hatari ya moyo na testosteroni ndogo kweli, jeli ya testosteroni haikuongeza mshtuko wa moyo wala kiharusi ukilinganisha na jeli tupu, lakini mapigo yasiyo na mpangilio na damu kuganda kwenye mapafu vilitokea zaidi kidogo. Ni habari njema kwa aliyepimwa akaonekana ana upungufu. Kwa aliye na 11.8 na SHBG ya 18 haimhusu.

Na inachofanya testosteroni kwa wazee ni kidogo kuliko matangazo yanavyosema. Majaribio ya 2016 kwa wanaume 790 wa miaka 65 kwenda juu wenye testosteroni ndogo yalionyesha hamu na tendo vimeboreka kiasi, mood kidogo, lakini ule uchovu, ambao ndio unawapeleka watu wengi kutafuta sindano, haukuonyesha faida ya maana.

Jamaa hakuchomwa. Daktari alimwondoa kwenye tramadoli taratibu, si kwa siku moja kwani ukiiacha ghafla inakutesa, akapewa mashine ya kulala inayosukuma hewa, akaipinga mwanzoni akisema anafanana na rubani, akaanzishiwa dawa ya presha na ya kolesteroli, akaanza kutembea na kunyanyua vyuma. Ndani ya mwaka uzito umeshuka kilo kumi na kitu. Asubuhi akapimwa tena, jumla 15.2, SHBG imepanda, HbA1c asilimia 5.7. Uchovu uliondoka mapema kuliko vyote, wiki chache tu baada ya kuanza ile mashine, kabla hata kitambi hakijatikisika. Kitandani imerudi sehemu kubwa ila si yote, na daktari akamwandikia sildenafili ya kumeza inapohitajika baada ya kuhakikisha moyo wake unaruhusu na hatumii naitreti, dawa za maumivu ya kifua ya moyo, maana hizo mbili pamoja zinaangusha presha vibaya. Anakoroma bado kidogo akisahau kuivaa, na mkewe ndiye siku hizi anayempigia kelele aivae.